Ukimwandikia fundi kuwa "intaneti haifanyi kazi"

Ujumbe unaofika mara nyingi kwenye dawati la TEHAMA ni wa aina hii: "Habari, intaneti haifanyi kazi. Naomba msaada wa haraka." Fundi anayeusoma hajui kama kilichoharibika ni kompyuta moja, ghorofa nzima, au tovuti ya watu wengine. Inabidi arudishe maswali, na nusu saa inakatika kabla hajagusa chochote.

Tuuandike upya, tukichukulia kwamba umetoka kwa mhasibu:

"Habari za asubuhi. Kompyuta ya mezani yenye lebo UH-14, chumba cha uhasibu, ghorofa ya 2, haifungui tovuti yoyote tangu leo saa 3:10 asubuhi (09:10). Chrome inaandika ERR_INTERNET_DISCONNECTED. Kompyuta ya jirani yangu inafungua vizuri. Leo tarehe 20 ni mwisho wa kuwasilisha ritani ya VAT, na tukichelewa tutatozwa faini. Niliyekwama ni mimi peke yangu."

Lebo humwonyesha fundi mashine yenyewe kwenye orodha yake. Maneno ya kosa humwonyesha pa kuanzia: hayo ya hapo juu yana maana kwamba kompyuta haijaunganishwa na mtandao wowote, kwa hiyo ataanza na waya uliochomoka au Wi-Fi iliyozimwa. Kama ingekuwa DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, angejua kuwa jina la tovuti halikupatikana, pengine limekosewa herufi, au huduma ya kutafuta majina ina hitilafu. Kwa mtumiaji yote mawili ni "intaneti haifanyi kazi", lakini tiba zake ni tofauti. Ndiyo maana kosa linakiliwa herufi kwa herufi, au linapigwa picha, bila nywila kuonekana.

Saa nayo ina mtego wake. Kumbukumbu za mitambo kwa kawaida huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, hivyo saa 3:10 asubuhi yetu humo ni 09:10. Ukiandika "saa 3:10" tupu, fundi anaweza kupekua matukio ya alfajiri na asione kitu.

Athari kwa kazi ndiyo huamua nani ahudumiwe kwanza. Neno "haraka" halimsaidii fundi, kwa kuwa karibu kila mtu huliandika. Kinachomsaidia ni kujua kazi gani imesimama, mwisho wake lini, na wangapi wamekwama. Kwa mhasibu wetu, habari hizo zinatoa hata njia ya mkato: kwa kuwa ritani hujazwa mtandaoni na kompyuta ya jirani ni nzima, fundi atamwambia aingie kwa akaunti yake kwenye mashine ile na kuiwasilisha sasa hivi. UH-14 itatengenezwa baadaye bila faini kuwaning'inia.