Katoni Sita za Vigae na Hati Inayopunguza Deni

Lori linapofika dukani na kushusha katoni 40 za vigae vya sakafu, mara nyingi ankara yake imeshatolewa. Siku hizi nchini Kenya ankara hiyo haikai kwenye faili la msambazaji peke yake: imepitia mfumo wa eTIMS, na Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, inayo taarifa yake. Kwa hiyo katoni sita zikigunduliwa zimevunjika, msambazaji hawezi kuichana ankara ile na kuandika nyingine kana kwamba ya kwanza haikuwapo. Mwenye duka naye hafiki popote akikata tarakimu kwa kalamu na kuandika mpya pembeni. Kinachotakiwa hapo ni kredit noti.

Kredit noti ni hati ambayo muuzaji humpa mnunuzi ili kukiri kwamba deni la ankara fulani, lote au sehemu yake, halidaiwi tena. Ina jina la muuzaji na la mnunuzi, bidhaa, idadi, bei na kodi, kama ankara yenyewe, lakini kazi yake ni kupunguza. Ankara inabaki ilivyo, kredit noti inawekwa kando yake, na anachodaiwa mnunuzi ni tofauti ya hizo mbili.

Si risiti, kwa kuwa hakuna pesa iliyolipwa. Wala haimaanishi kwamba muuzaji ametoa pesa mfukoni. Kama mnunuzi alikuwa hajalipa, deni lake linashuka. Kama alishalipa zote, kredit noti inampa salio kwa muuzaji, na wawili hao hukubaliana ama lirudishwe kwa pesa ama likatwe kwenye mzigo ujao.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi Mombasa lililoagiza vigae hivyo kwa shilingi 1,500 kwa katoni, kabla ya kodi. Katoni 40 ni shilingi 60,000. VAT ya asilimia 16 ni shilingi 9,600, na jumla ya ankara ni shilingi 69,600. Katoni sita zilizovunjika ni shilingi 9,000, na VAT yake ni shilingi 1,440. Kredit noti inapaswa kuwa ya shilingi 10,440, na duka libaki likidaiwa shilingi 59,160. Wengi hukosea hapa: hukata zile 9,000 na kuiacha kodi, na hivyo duka linalipa VAT ya vigae ambavyo vimerudi kwenye ghala la watu.

Lakini hesabu hiyo haisimami bila ushahidi, na ushahidi huanzia pale lori linaposhusha. Katoni ya vigae vilivyovunjika huweza kusikika ikitikiswa, na kona iliyobonyea ni ishara ya kuifungua papo hapo. Anayepokea mzigo aandike kwenye delivari noti, kabla ya kutia sahihi, kwamba amepokea 40 na sita zimevunjika. Dereva naye atie sahihi chini ya maneno hayo, na maneno yawe kwenye nakala zote mbili. Sahihi isiyo na neno lolote husomwa kuwa mzigo ulifika salama. Nyufa zikigunduliwa baadaye, siku ya kufungua katoni, picha za vigae pamoja na maandishi ya pembeni mwa katoni zitumwe kwa msambazaji siku hiyo hiyo, na vigae visitupwe mpaka yeye aseme.

Msambazaji akishakagua na kukubali, ujumbe wake kwa duka unaweza kuwa hivi:

"Kwa Meneja wa Duka,

Salamu. Tunaomba radhi kwa katoni sita za vigae vya sakafu zilizofika zikiwa zimevunjika tarehe 4 Machi, kama ilivyoandikwa kwenye delivari noti mliyosaini pamoja na dereva wetu. Katoni hizo tulizichukua tarehe 6 Machi na tumezikagua.

Tumewatolea kredit noti namba 027 dhidi ya ankara namba 0412. Kiasi ni shilingi 9,000 pamoja na VAT shilingi 1,440, jumla shilingi 10,440. Ankara ilikuwa ya shilingi 69,600. Salio mnalodaiwa sasa ni shilingi 59,160, na tarehe ya kulipa haijabadilika.

Kredit noti imeambatishwa. Tafadhali iingizeni kwenye vitabu vyenu na mtujulishe kama mnaona tofauti yoyote.

Ahsanteni,
Idara ya Hesabu"

Ujumbe huo ni mfupi, ila kila kilichomo kina kazi. Namba ya ankara ndiyo inayoifunga kredit noti na mauzo yake. Kwenye eTIMS nako ni lazima itajwe. Sababu na tarehe humwezesha mtu ambaye hakuwapo, mkaguzi wa hesabu kwa mfano, kufuata jambo hilo mwaka mmoja baadaye. Salio lililoandikwa waziwazi huzuia ubishi mwisho wa mwezi. Ujumbe unaosema tu "tumewarekebishia hesabu" hauna hata kimoja kati ya hivyo, na mwenye duka ana haki ya kuukataa.

Baada ya hapo pande zote mbili zina la kufanya. Msambazaji anapunguza mauzo yake kwa shilingi 9,000 na VAT anayopaswa kuiwasilisha KRA kwa shilingi 1,440. Duka, kama limesajiliwa kwa VAT na lilishadai zile 9,600 kuwa kodi ya manunuzi, linapaswa kupunguza dai hilo kwa 1,440 hizo hizo. Upande mmoja ukirekebisha na wa pili ukanyamaza, marejesho yao ya kodi hayatakubaliana.

Msambazaji akiamua kuleta katoni nyingine sita bila malipo, kwa kawaida kredit noti haihitajiki, maana duka limepata katoni 40 kamili kama ankara inavyosema. Kuchukua vyote viwili, vigae vipya na punguzo la deni, ni kulipwa mara mbili.

Hatari kubwa zaidi ni ahadi ya mdomo. Mwakilishi wa mauzo anasema, "Usijali, nitakukatia kwenye oda ijayo," kisha anahamishwa au anaacha kazi, na vitabu vya kampuni yake bado vinaonyesha shilingi 69,600. Duka nalo huweza kukosea kwa namna yake: linakata 10,440 wakati wa kulipa, halafu kredit noti ikifika wiki mbili baadaye linaikata tena.

Kuna pia wizi. Mteja amelipa taslimu, mfanyakazi anaziweka pesa mfukoni, kisha anaandika kredit noti ya uongo ili deni lionekane limekwisha. Ndiyo sababu kampuni makini haimruhusu anayepokea pesa kuidhinisha kredit noti, na kila moja hulinganishwa na hati ya ghala inayoonyesha kwamba mzigo ulirudi kweli. Kredit noti ya bidhaa zilizorudi ambayo haina hati hiyo nyuma yake inafaa kuchunguzwa.

Mwenye duka asingoje mwisho wa mwaka kudai hati yake. Sheria ya VAT ya Kenya ya mwaka 2013 kwa kawaida inampa muuzaji miezi sita tangu siku ya ankara kutoa kredit noti, kwa hiyo dai liandikwe wiki ile ile mzigo ulipofika, likiwa na namba ya ankara na nakala ya delivari noti.