Barua kwa mdogo wangu mpishi: Hesabu nyama iliyoiva, si ile ya buchani

Mdogo wangu,

Nimeona ile bei unayotaka kumpa mteja wako wa Bahati. Ruracio ya watu 100, wali, mchuzi wa nyama na viazi, kabichi na matunda, Sh300 kwa sahani. Umeniambia utamtumia leo jioni. Tafadhali ngoja kwanza usome hii barua, maana hiyo bei nimewahi kuitoa mimi pia, na ilinitoa machozi.

Tuanze na nyama. Umeandika kilo 10 za nyama ya mfupa kwa Sh600, yaani Sh6,000. Umewaza kila mgeni atapata gramu 100. Lakini hizo ni gramu za mizani ya buchani. Karibu robo ya kilo hiyo ni mfupa. Inayobaki ikiiva hupungua kwa karibu theluthi. Kwa hivyo kilo moja inakupa kama nusu kilo ya nyama ya kula, na ukipakua gramu 80, hizo ni sahani sita tu. Kilo zako 10 zitaishia kwenye sahani ya 60 na kitu.

Hivyo ndivyo ilivyonipata kwenye kazi yangu ya kwanza kule Njoro. Nyama iliisha wakwe wakiwa bado kwenye foleni. Nilituma mtu wa boda mbio buchani, wakakaa saa nzima wakingoja, na hela yote ya faida ikaishia hapo. Wale watu hawakuniita tena.

Sasa linganisha na steki, isiyo na mfupa, tuseme Sh700 kwa kilo. Inaonekana ghali, sivyo? Lakini kilo moja ikiiva inabaki kama gramu 660, ambazo ni sahani nane. Watu 100 watahitaji kilo 13, yaani Sh9,100. Ukitaka kuwashibisha kwa ile ya mfupa utanunua kilo 17, ambazo ni Sh10,200. Ile ya bei ya chini ndiyo ghali.

Vitu vingine umepiga hesabu vizuri: mchele Sh1,800, viazi Sh1,000, kabichi Sh600, nyanya, vitunguu, mafuta na viungo Sh2,200, matunda Sh2,000. Ukiongeza steki, chakula chote ni Sh16,700.

Hapo ndipo ulipoishia, na kwa hesabu yako ya nyama ulijiona na faida ya Sh16,400. Lakini pikapu ya kwenda Bahati na kurudi ni Sh3,000. Wasaidizi watatu ni Sh3,000. Kukodi sufuria na sahani ni Sh2,500, gesi na makaa Sh1,500. Hiyo ni Sh10,000 nyingine. Kwa bei yako ya Sh300 utabaki na Sh3,300, baada ya kwenda sokoni Ijumaa na kusimama jikoni Jumamosi yote.

Kwa hivyo jilipe kwanza. Weka Sh3,000 kama mshahara wako, na Sh1,500 za wageni wasioalikwa, maana ruracio haikosi hao. Jumla inakuwa Sh31,200. Ongeza robo yake iwe faida ya biashara, utafika Sh39,000. Hiyo ni Sh390 kwa sahani.

Mteja akisema ni nyingi, usikate bei, kata menyu. Matunda yakitoka, unapunguza Sh20 kwa sahani bila kujiumiza. Na akikuomba "chapati kidogo tu," usikubali haraka. Kila mtu akila mbili, hizo ni 200. Mtu mmoja mwenye mkono mwepesi anapika kama 30 kwa saa, kwa hivyo ni karibu saa saba za mtu mmoja na jiko moja. Gharama ya chapati haiko kwenye unga, iko kwenye mikono. Hesabu msaidizi wa nne kabla ya kusema ndiyo.

Jambo la mwisho ni viazi. Bei huyumba kulingana na mavuno ya Molo na Mau Narok, na shangi huchipua haraka, kwa hivyo huwezi kununua gunia leo ulifiche hadi mwezi ujao. Andika kwenye karatasi ya bei kwamba inadumu wiki mbili tu, na uombe nusu ya pesa kabla ya kwenda sokoni.

Piga hesabu upya, kisha unitumie kabla ya kumtumia mteja. Mwaka ule wa Njoro sikuwa na mtu wa kunisomea. Wewe unaye.

Dada yako.