Kukataa Hisa Bila Kumfukuza Mwenye Fedha

Tuchukue mfano wa karakana ya siagi ya karanga mjini Morogoro. Mama mwenye karakana ameisajili kampuni BRELA na bado anamiliki hisa zote. Mfanyabiashara mstaafu, mteja wake wa siku nyingi, anamwambia: nakupa shilingi milioni 60, nipe asilimia 30 ya kampuni. Fedha ni nyingi na mzee ana heshima zake. Ila anachohitaji mama kwa sasa ni mashine ya kusagia na ya kufungashia, zote pamoja milioni 25.

Kabla ya kujibu, akae na karatasi na kalamu. Kama milioni 60 ni sawa na asilimia 30, basi mzee ameipa kampuni thamani ya milioni 200 fedha zake zikishaingia, yaani milioni 140 kabla hazijaingia. Huenda bei hiyo si mbaya. Tatizo liko mbele. Kila mwekezaji mpya akiingia, kampuni hutoa hisa mpya, na fungu la waliokuwemo hupungua. Mama akibaki na asilimia 70, kisha awamu mbili zijazo kila moja ichukue asilimia 20, atashuka hadi 56, halafu hadi 44.8. Hapo wenzake wakiungana wanamshinda kura katika kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Asingeuza leo, awamu hizohizo mbili zingemwacha na 64.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha kusaini. Sheria ya Kampuni ya Tanzania inataka maamuzi makubwa, kama kubadili katiba ya kampuni, yapite kwa azimio maalumu, yaani robo tatu ya kura. Ikiwa kila hisa ina kura moja, mwenye asilimia 30 anaweza kuyazuia peke yake. Hata mwekezaji wa baadaye akitaka katiba irekebishwe ili aingie, itabidi mzee akubali. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu nzito zaidi ya kukataa ofa hii, kuliko bei yenyewe.

Sasa, kukataa kwenyewe. Sisi tumezoea kumsitiri mtu: "nitalifikiria", "tutaangalia, inshallah". Barazani kila mtu huelewa. Mwenye fedha, hata hivyo, anaweza kuzitenga akisubiri, na akigundua baada ya miezi minne kwamba jibu lilikuwa hapana tangu mwanzo, hatarudi. Jibu litoke mapema, ikiwezekana ana kwa ana kwa sababu ya umri wake, kisha lifuatwe na maandishi mafupi:

"Shikamoo Mzee. Nashukuru kwa imani uliyonionyesha. Nimepiga hesabu na nimeamua kutouza hisa kwa sasa, kwa hiyo ofa ya milioni 60 kwa asilimia 30 sitaipokea. Mashine nitazinunua kwa mkopo na faida ya karakana. Nikishapata alama ya ubora ya TBS na hesabu za mwaka mzima zilizokaguliwa, nitatafuta mtaji wa kupanua, na nitakujulisha. Ukiridhia, nitakuletea taarifa ya ukurasa mmoja kila miezi mitatu."

Hapana imesemwa wazi, na imeihusu ofa, si mtu. Ametaja tukio litakalofungua mazungumzo upya, wala hakutaja bei ya siku hiyo, maana akisema leo kwamba kampuni itakuwa na thamani ya milioni 300, amejifunga kwa tarakimu asiyoijua. Pia hakudai kuwa kuna mwekezaji mwingine anayemngoja. Wenye mitaji wanajuana, uongo huo hukamatwa upesi.

Kama alikwisha kusaini hati ya masharti, aisome upya kabla ya kutuma ujumbe. Sehemu kubwa ya hati hizo kwa kawaida haimfungi mtu, lakini kifungu cha kutunza siri na kile cha kutozungumza na wawekezaji wengine kwa muda fulani mara nyingi hufunga.

Ile taarifa ya miezi mitatu iwe na mauzo, fedha zilizopo, madeni na lililokwama. Lililokwama lisifichwe: mzee akiona karanga zilipanda bei na mama akapita salama, atajua biashara iko mikononi mwa nani. Majina ya wateja na mapishi yabaki karakanani.

Huenda mzee akajibu: sawa mwanangu, basi niandikie kwamba ukiuza, haki ya kwanza ya kununua ni yangu. Ombi hilo linasikika dogo, lakini lisikubaliwe kirahisi. Mwekezaji mwingine hatapenda kupoteza wiki nyingi akikagua vitabu na kupanga bei, ili mwishoni mzee aichukue kwa bei hiyohiyo. Mama anaweza kumwahidi kitu chepesi zaidi: kwamba siku awamu ikifunguliwa ataarifiwa pamoja na wengine, kwa masharti yaleyale.