Mirija ya Boila na Vyeti vya Mchomeleaji

Kiwanda cha sukari kinatafuta mchomeleaji wa kubadilisha mirija ya boila msimu wa matengenezo. Mirija ina kipenyo cha nje cha milimita 51 na unene wa milimita 4, ni ya chuma cha kawaida, na kila kiungo kitachomelewa kwa tigi tangu mshono wa kwanza wa ndani hadi wa mwisho wa juu. Kiwanda hiki ni cha mfano tu, lakini vipimo hivyo si vya kubuni: mirija ya namna hiyo imo katika maboila mengi, na kila unaposimamishwa mtambo kwa matengenezo kuna mtu anayekaa mezani kuchagua nani aishike.

Mezani pamebaki maombi mawili. La kwanza lina kurasa nne, na kila neno la tangazo limo ndani yake: boila, tigi, migi, rodi, mabomba ya presha, ASME, 6G, uzoefu wa miaka 12. La pili ni ukurasa mmoja. Neno boila halimo kabisa. Mwombaji ameandika viwanda viwili alivyofanyia kazi, akaambatisha nakala ya cheti cha mtihani na karatasi moja yenye sahihi za wasimamizi. Karani aliyepewa tangazo na kalamu ya rangi, akaambiwa apigie mstari maneno yanayofanana, atalipeleka la kwanza kwa bosi na la pili kapuni. Programu ya kompyuta inayochuja maombi kwa kuhesabu maneno itafanya vivyo hivyo, tena kwa kasi zaidi.

Mkaguzi wa uchomeleaji huanza upande wa pili. Ataacha wasifu ukae, afungue viambatisho.

Kwanza anatenganisha karatasi za aina mbili ambazo watu wengi huziweka fungu moja. Cheti cha chuo, kama kile cha VETA Tanzania, au cha mtihani wa ufundi wa NITA Kenya, kinaeleza kwamba mtu alijifunza fani na akapimwa kwa kiwango fulani. Hapa pana mtego mdogo ambao umewakosesha kazi mafundi wazuri. Katika mitihani ya ufundi ya zamani ya Tanzania, kama ilivyo katika ile ya Kenya, gredi ya III ndiyo ya chini na gredi ya I ndiyo ya juu. Katika mfumo wa sasa wa VETA ngazi zinahesabiwa kinyume: ngazi ya I ndiyo ya kuanzia na ya III ndiyo ya juu. Mzee mwenye gredi ya I na kijana mwenye ngazi ya I wanatofautiana kwa miaka mingi ya kazi, ingawa karatasi zote mbili zina namba ileile ya Kirumi.

Karatasi ya aina ya pili ni matokeo ya mtihani wa mikono. Haisemi mtu amesoma nini. Inasema siku fulani alichomelea kipande fulani, kwa njia fulani, kikiwa kimekaa mkao fulani, kisha kipande kikakatwa na kukunjwa au kikapigwa eksirei, kikapita. Kwa kazi za presha, kanuni inayofuatwa sana ni Sehemu ya Tisa ya kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani. Hapo hapo kuna la kuchunguza katika ombi la kwanza, lililoandika kwa herufi kubwa “nimethibitishwa na ASME”. ASME haitoi vyeti kwa wachomeleaji mmoja mmoja. Inaandika kanuni, anayempima fundi na kutia sahihi ni kampuni iliyomwajiri. Mwenye maneno hayo huenda si mwongo, maana yamezoeleka vijiweni, ila ni ishara kwamba cheti chenyewe kisomwe mstari kwa mstari.

Basi kinasomwa. Cheti cha ombi la kwanza ni halali na mtihani wake ulikuwa mgumu kweli. Fundi alichomelea bomba la inchi 8, lenye kipenyo cha nje cha milimita 219, likiwa limefungwa kwa mwinamo wa digrii 45 bila kuzungushwa. Huo ndio mkao uitwao 6G, na aliyeuweza huhesabiwa kuwa ameiweza mikao yote, kwani mkono unapita chini ya bomba, ubavuni na juu yake katika mshono mmoja. Ndiyo maana mawakala wanaopeleka mafundi Ghuba huutaja mkao huo kabla ya jambo lingine lolote. Lakini 6G inaeleza mkao peke yake. Mstari wa njia ya kuchomelea una herufi SMAW, yaani rodi. Kazi ya kiwanda ni ya tigi, ambayo kwenye cheti huandikwa GTAW. Aliyepimwa kwa rodi hajapimwa kwa tigi, hata kama anaijua.

Mstari wa kipenyo nao unamkataa. Kwa kanuni hiyo, aliyepimwa kwenye bomba lenye kipenyo cha nje kinachozidi milimita 73 anaruhusiwa mabomba ya milimita 73 na kuendelea. Aliyepimwa kwenye bomba la kati ya milimita 25 na 73 anaruhusiwa kuanzia milimita 25 kwenda juu bila kikomo. Kwa hiyo mtihani wa bomba dogo unalifungulia mlango bomba kubwa, ila wa bomba kubwa haulifungulii dogo. Asiyewahi kushika tochi anaweza kudhani ni kinyume chake, kwa kuwa bomba kubwa ndilo lenye kutisha. Shida ya bomba dogo ni kwamba duara lake linageuka upesi. Kiganja kinabadilisha pembe kila baada ya sentimita chache, chuma chembamba kinapata moto haraka na kutoboka, na ndani ya boila mirija imesimama karibu karibu kiasi kwamba upande wa nyuma hauonekani. Wachomeleaji wa boila hutumia kioo kuutazama upande huo, wakichomelea kwa kufuata taswira iliyogeuzwa.

Ombi la pili sasa. Mtihani ulifanyika Machi 2023 kwa GTAW, mkao wa 6G, kwenye bomba la inchi 2, ambalo kipenyo chake cha nje ni milimita 60.3, na unene wa milimita 5.5. Kipenyo kinamruhusu kuanzia milimita 25. Unene nao hupigwa mara mbili: aliyepimwa kwenye milimita 5.5 anaruhusiwa kuchomelea hadi milimita 11. Mrija wa milimita 51 wenye unene wa milimita 4 umo ndani ya mipaka yote miwili. Kundi la chuma ni lile lile, na alichomelea bila bamba la kuzuia chuma kilichoyeyuka kisimwagikie ndani, jambo ambalo kwenye mrija wa boila haliepukiki.

Inabaki ile karatasi ya sahihi, ambayo karani angeitupa kwanza. Chini ya kanuni za ASME mtihani hauishi kwa tarehe ya kalenda. Unaisha fundi akikaa miezi sita bila kuitumia njia aliyopimwa. Kwa hiyo kampuni makini huweka orodha ambamo msimamizi anatia sahihi kwamba fundi fulani alichomelea kwa tigi mwezi fulani. Orodha ya mwombaji huyu ina Julai 2023, Desemba 2023, Mei 2024 na Oktoba 2024. Pengo refu ni miezi mitano. Ikiwa kiwanda kinaajiri Januari 2025, mnyororo haujakatika. Cheti cha mwenzake ni cha Machi 2021 na hakina karatasi yoyote inayokifuata. Viwango vingine vina hesabu yake: ule wa kimataifa wa ISO 9606-1 unataka uthibitisho kila miezi sita na, kwa utaratibu wa kawaida, mtihani mpya kila baada ya miaka mitatu. Kwa hiyo swali la “kinaisha lini?” haliwezi kujibiwa kabla ya kujua cheti kilitolewa chini ya kanuni ipi.

Vyeti vya kughushi navyo hujifichua katika mistari hiyo hiyo, kwa kuwa mwenye kughushi huwa anajua maneno bila kujua hesabu. Cheti kinasema kipande cha mtihani kilikuwa na unene wa milimita 8, kisha mstari wa kinachoruhusiwa unasema “unene wowote”. Au mtihani ulikuwa wa bamba lililosimama wima, na ruhusa ni “mikao yote”. Au hakuna namba ya maelekezo ya uchomeleaji yaliyofuatwa, wala namba ya ripoti ya maabara, kwa hiyo hakuna pa kupiga simu. Namba ya ripoti ndiyo ya kufuatilia: maabara iliyopiga eksirei itasema mara moja kama inaitambua.

Ieleweke kwamba fundi wa kwanza hajaonekana dhaifu. Kama kiwanda kingehitaji mtu wa kuunga bomba kuu la mvuke la milimita 219 kwa rodi, yeye ndiye angeitwa kwanza, akapewa mtihani wa kuhuisha cheti chake, na mwenye tigi angebaki nje. Wapo pia waliochomelea miaka 20 barabarani, mageti na matela, bila karatasi hata moja. VETA ina utaratibu wa kupima na kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na kwa mafundi hao huo ndio mwanzo unaofaa, ingawa cheti hicho hakiwezi kuchukua nafasi ya mtihani wa bomba.

Kuna mambo ambayo karatasi bora kuliko zote haiyasemi. Mtihani ulipita siku moja, fundi akiwa amepumzika, kipande kikiwa safi na kikiwa usawa wa kifua. Haueleweshi ni viungo vingapi kati ya mia vilirudiwa akiwa kazini. Mwajiri anayejua kuuliza ataomba muhtasari wa eksirei wa kazi ya mwisho: viungo vilivyopigwa picha, na vilivyokataliwa. Msimamizi wa zamani mara nyingi anaikumbuka hesabu hiyo kwa kichwa.

Na hata mwombaji wa pili hapewi tochi siku ya kwanza. Kwa kawaida mtihani wa kampuni moja hauhamishiki kwenda kampuni nyingine chini ya ASME. Kila kampuni inawajibika kuwapima watu wake yenyewe. Cheti chake kimemfikisha kwenye karakana, ambako msimamizi amefunga vipande viwili vya mrija wa milimita 51 kwa mwinamo wa digrii 45, na kwa hiari yake ameongeza mirija miwili ya jirani, kushoto na kulia, ili nafasi ya mkono iwe kama ya ndani ya boila. Kioo kidogo kiko mezani. Asipofaulu anaweza kurudia papo hapo, lakini sasa kwa vipande viwili mfululizo, na vyote viwili lazima vipite.