Tembe Iliyosahauliwa: Hesabu Saa, Kisha Tazama Juma

Mama mmoja wa Mumias, katika kaunti ya Kakamega, ametuletea swali ambalo wengi huliona haya kuuliza. Alikuwa akimeza tembe za kupanga uzazi kila siku saa tatu usiku, kwa makubaliano na mumewe. Mamake alipolazwa hospitalini Kakamega mjini, alikwenda kumuuguza na pakiti ikabaki nyumbani. Aliporejea Alhamisi, saa tatu usiku, tembe ya Jumanne na ya Jumatano zilikuwa hazijaguswa. Wifi yake alimshauri atupe pakiti nzima na kungojea hedhi. Nia ilikuwa njema, lakini ushauri huo ndio ungemletea mimba.

Ili kuelewa sababu, na tuiangalie pakiti yenyewe. Tembe zake ni za homoni mbili, na ndizo zinazotumiwa na wengi. Pakiti ina tembe 28: za kwanza 21 zina homoni, na saba za mwisho, za rangi tofauti, hazina homoni, katika pakiti nyingi huwa ni madini ya chuma tu. Kusahau hizi saba hakudhuru kitu. Homoni huzilaza ovari zisitoe yai, na zikishalala vyema baada ya siku saba za kumeza mfululizo, huweza kustahimili siku saba bila homoni. Pengo hilo likirefuka ndipo ovari huanza kuamka. Kwa hiyo hatari kubwa ni kusahau tembe zinazopakana na pengo: za mwanzo wa pakiti na za mwisho wa homoni. Kuchelewa kuanza pakiti mpya ni kosa lile lile, ingawa wengi hawalihesabu kuwa ni kusahau.

Basi kwanza hesabu saa tangu wakati tembe ilipopasa kumezwa. Ikiwa hazijatimia 48, meza mara tu ukumbukapo, na ile ya leo uimeze kwa wakati wake, hata kama zitakutana mbili kwa siku moja. Huhitaji kinga nyingine. Hapa pana faraja kwa anayefunga Ramadhani: aliyesahau saa tatu usiku akakumbuka mchana, hana haja ya kufungua. Akimeza magharibi atakuwa amechelewa kwa takriban saa 21 au 22 tu.

Zikitimia 48 au kupita, ndiyo hali ya mama wa Mumias. Pakiti yake aliianza Jumapili, kwa hiyo tembe ya Jumanne ilikuwa ya 17 na ya Jumatano ya 18, zote za juma la tatu. Alipaswa kumeza ile ya karibuni zaidi aliyoikosa, yaani ya 18, kuiacha ya 17 kabisa, na kumeza ya 19 kwa wakati wake usiku ule ule. Ijumaa ni ya 20, Jumamosi ya 21. Kisha asiziguse zile saba zisizo na homoni, bali Jumapili aanze pakiti mpya. Kwa siku saba, tangu Alhamisi hadi Jumatano, wajizuie na tendo la ndoa au mume atumie kondomu. Huenda asione damu mwezi huo. Hilo si dalili ya ugonjwa. Angeifuata rai ya wifi, siku zisizo na homoni zingeanzia Jumanne ile na kuendelea, na ovari zingepata nafasi ya kuamka.

Lau angezikosa mbili katika juma la pili, baada ya kumeza vyema siku saba zilizotangulia, angeendelea na pakiti kama kawaida kwa kinga ya siku saba. Juma la kwanza ndilo zito zaidi, kwa kuwa pengo limetoka kupita sasa hivi. Aliyezikosa mbili humo, na amekutana na mumewe ndani ya siku tano zilizopita, aende kwenye zahanati au duka la dawa upesi aulize tembe za dharura. Zile za levonojestreli hufaa zaidi kadiri zinavyowahi, hasa ndani ya saa 72.

Haya yote hayawahusu akina mama wanaonyonyesha waliopewa tembe za homoni moja za levonojestreli. Pakiti hizo hazina tembe za mapumziko, na muda wake ni mfupi mno: kuchelewa zaidi ya saa tatu tu kwahesabika kusahau. Huyo ameze mara akumbukapo, aendelee kila siku, na atumie kinga kwa siku mbili. Asiyejua tembe zake ni za aina gani aipeleke pakiti kwa muuguzi kabla hajasahau, kwani rangi peke yake haitoshi kumwambia.