Je, Wajua? Chemchemi ya Subukia Ni Mdomo wa Mtungi wa Mawe

Kila Oktoba mahujaji Wakatoliki hupanda kilima cha Subukia, kwenye Kijiji cha Maria Mama wa Mungu, na wengi hurudi nyumbani na chupa au mtungi wa maji ya chemchemi. Ukiwauliza maji hayo yanatoka wapi, wengine watakwambia kuna ziwa limejificha chini ya kilima. Hakuna ziwa. Maji yamo ndani ya jiwe lenyewe.

Eneo hili limejengwa na volkano. Lava ilimwagika ikapoa, majivu yakaifunika, kisha lava nyingine ikaja juu yake. Lava inapopoa hunywea na kupasuka, na katika nyufa hizo, pamoja na vitundu vya majivu na kokoto zilizozikwa katikati, ndimo mvua ya nyanda za juu hujipenyeza. Hushuka mpaka ikutane na tabaka lililooza likawa udongo wa mfinyanzi, ambalo halipitishi maji. Hapo hutuama, ikijaza mwamba kutoka chini kwenda juu, kisha husogea polepole kuelekea bondeni.

Hapo ndipo Bonde la Ufa linapoingia kazini. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa takriban 6.9 liliikumba Subukia na kuipasua ardhi kwa kilomita 38 hivi kando ya mteremko wa Marmanet. Mipasuko ya namna hiyo imetokea hapa mara nyingi tangu kale. Kila inapotokea, tabaka la mwamba upande mmoja hushuka, na lililokuwa likipitisha maji linaweza kujikuta limetazamana na lisilopitisha. Mwamba uliosagika katikati nao huweza kuwa unga mzito unaoziba njia. Maji yakikwama nyuma ya kizuizi hicho hupanda, na yakifikia uso wa ardhi tunasema chemchemi imebubujika.

Chukua kanuni hiyohiyo uende nayo kaskazini mpaka Kalacha, ukingoni mwa jangwa la Chalbi. Wafugaji wa Kigabra hunywesha ngamia wao pale, na mikoma imesimama kijani penye joto la kutisha. Mvua iliyoleta maji hayo haikunyesha Chalbi. Ilinyesha kwenye vilima vya Huri, ikapita ndani ya lava, ikafika mahali lava inapokutana na matope makavu ya ziwa la kale, ikakosa njia ya kuendelea. Oasisi ni mvua ya mahali pengine iliyosafiri chini ya ardhi, hata jua lisiipate.

Sasa tazama jambo ambalo wachimbaji wa visima husahau. Chemchemi hutoa kile tu kinachofurika. Ukishusha maji ya ndani mita moja chini ya mdomo wake, hukauka, hata kama chini yake mwamba bado umejaa maji.

Tupige hesabu. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,000. Tuseme mwamba wake huachilia asilimia 5 ya ujazo wake kuwa maji. Kushusha maji mita moja chini ya ekari nzima hutoa mita za ujazo 200, yaani lita 200,000. Pampu ya lita 5,000 kwa saa, ikifanya kazi saa 8, huvuta lita 40,000 kwa siku. Kwa siku 5 mita hiyo imekwisha. Katika lava ngumu yenye nyufa chache, kiwango kinaweza kuwa asilimia 1 tu, na mita hiyo ikaisha kwa siku moja.

Kwa kweli maji hayashuki sawasawa. Huzama zaidi karibu na kisima, yakifanya umbo la faneli, na maji ya jirani huteremkia humo. Kwa hiyo wa kwanza kuumia ni mama mwenye kisima kifupi cha kamba na ndoo ng'ambo ya ua. Mwenye pampu huyapata maji yake kama kawaida.

Anayeamua kuchimba zaidi, aipime floridi. Katika Bonde la Ufa, maji yaliyokaa sana ndani ya mwamba wa volkano mara nyingi huwa nayo nyingi, na yakizidi miligramu 1.5 kwa lita, meno ya watoto huanza kuingia madoa ya kahawia. Kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa mvuke huondoka na floridi hubaki. Jimbo Katoliki la Nakuru limekuwa likitumia mkaa wa mifupa kuiondoa.

Dalili ya kuvuta kupita kiasi huonekana mapema kwa anayepima. Teremsha waya wa kupimia kisimani alfajiri, kabla pampu haijawashwa, uandike kina cha maji. Rudia kila mwezi. Kiangazi kitayashusha maji, hilo ni la kawaida. Lakini mvua ndefu zikiisha, linganisha na mwaka uliopita msimu uleule: kama maji hayakurudi pale yalipokuwa, unavuta kuliko mvua inavyorudisha, na saa za pampu zinapaswa kupunguzwa kabla ya kiangazi kijacho.