Kutambua kitasa kwa picha

Tundu la ufunguo ndilo la kwanza kuangaliwa katika picha ya kitasa. Tundu lenye duara juu na mfereji ulionyooka chini yake ni la kitasa cha liva: ufunguo wake una shina la mviringo, na mwishoni kipande bapa chenye meno. Tundu jembamba lenye kingo zilizopindapinda, lililo kwenye uso wa chuma unaong'aa, ni la silinda, na ufunguo wake ni bapa tangu kichwa hadi ncha. Tofauti hiyo inaamua kila kinachofuata, kwa sababu silinda hubadilishwa peke yake huku kitasa kikibaki mlangoni, ilhali kitasa cha liva kwa kawaida hubadilishwa chote.

Picha moja ya mbele haitoshi. Ya pili ipigwe kwenye ubavu wa mlango, ukiwa wazi, pale ulimi unapotokea. Hapo pana bamba jembamba lenye skrubu mbili, na mara nyingi jina la kiwanda limegongwa juu yake. Jina lisaidie tu, lisiaminiwe sana, maana majina yanayouzika huigwa. Vipimo ndivyo vya kutegemewa zaidi. Kwa hiyo rula iwekwe bapa juu ya mlango, kando ya tundu, na simu ishikwe sambamba na mlango, kiasi cha mita moja kutoka hapo, kisha picha ikuzwe. Simu iliyosogezwa karibu mno hupanua vitu vya katikati na kuharibu hesabu.

Mfano ni mlango wa chumba wenye mshikio na tundu la liva chini yake, ambao ufunguo wake umepotea. Kwenye skrini, milimita 100 za rula zinaonekana kama milimita 80. Kutoka katikati ya mshikio hadi katikati ya duara la tundu ni milimita 46 za skrini. 46 ikigawanywa kwa 80 na kuzidishwa kwa 100, jibu ni 57.5. Kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu ni milimita 36, yaani 45 halisi. Vipimo vya 57 na 45 ni vya kawaida katika vitasa vya mtindo wa Kiingereza vyenye sanduku la inchi mbili na nusu, takriban milimita 64. Kama cha pili kingekuwa 57, kitasa kingekuwa cha inchi tatu, na tundu lililochongwa ndani ya mbao lingekuwa refu zaidi.

Picha hizo zinatambulisha kitasa, lakini hazitoi ufunguo. Urefu wa kila jino hutegemea liva zilizofichwa ndani ya sanduku. Fundi hufungua skrubu za ubavuni, hutoa mshikio, huvuta kitasa na kuondoa kifuniko chake, kisha huchonga ufunguo kwa kufuata liva zenyewe. Kwa kitasa cha bei nafuu cha liva tatu, kazi hiyo inaweza kukaribia bei ya kitasa kipya, na hapo ni bora kununua.

Picha ya ufunguo wenyewe ni jambo jingine. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kwamba ufunguo unaweza kunakiliwa kutokana na picha tu, hata iliyopigwa kutoka mbali kwa lenzi ndefu. Basi apelekewe fundi mkononi, au asubiri.

Anayetaka kitasa imara zaidi atafute cha liva tano chenye vipimo vilevile vya 57 na 45. Vilivyopimwa kwa kiwango cha Uingereza cha BS 3621 vina ulimi unaotoka angalau milimita 20. Bamba la ubavuni linaweza kuwa refu zaidi, kwa hiyo patasi iwe karibu. Kwa silinda, hupimwa kutoka katikati ya tundu la skrubu inayoishikilia hadi kila mwisho, pande mbili tofauti, mfano 35 na 35. Ikichomoza zaidi ya milimita tatu hivi nje ya bamba la mshikio, mwizi hupata pa kushika na kuivunja hapo penye tundu la skrubu, mahali pembamba kuliko pote.

Kufuli ni rahisi zaidi: hupimwa upana wa mwili wake na unene wa upinde, kwa rula ileile. Upinde mnene ni mgumu zaidi kukatwa, ila sharti upite kwenye matundu ya komeo. Komeo likiwa limeshikiliwa kwa skrubu ambazo vichwa vyake vinaonekana mlango ukiwa umefungwa, bisibisi inatosha kuufungua, hata kufuli liwe nene kiasi gani.